Kuzuia kishikwambi kimoja kwenye ruta: shajara ya mradi

Ijumaa jioni: ninachotaka

Nyumbani kuna kishikwambi cha watoto. Wanakitumia kusomea vitabu na kutazama video zilizo kwenye kompyuta ndogo ya sebuleni, ile inayotunza mafaili ya nyumba nzima. Nataka kiendelee kuifikia kompyuta hiyo, ila kisitoke kwenda intaneti. Vifaa vingine visiguswe.

Ruta yangu inaendeshwa na OpenWrt, kwa hiyo nitaandika amri zake, lakini mambo yenyewe yako karibu kwenye kila ruta ya nyumbani. Kuna ukurasa wa kukitengea kifaa anwani ya IP ya kudumu, na mara nyingi kuna mwingine wa kufungamanisha IP na MAC, yaani anwani ya mtandao na anwani ya maunzi. Ushauri wa kawaida ni mfupi: kitengee kifaa anwani, izuie anwani hiyo, kazi imekwisha. Nataka kuona ushauri huo unashika kwa kiasi gani. Nimemwomba mpwa wangu, ambaye anasomea mitandao, akae upande wa pili na ajaribu kukwepa kila nitakachoweka. Ana kishikwambi, ana kompyuta mpakato yake, na ana nywila ya waifai kama mtu yeyote wa humu ndani. Nywila ya kuingilia kwenye ruta hana.

Anwani za maunzi nitakazoandika humu nimezibadilisha.

Ijumaa usiku: kutenga na kuzuia

Kwanza ilibidi nijue kishikwambi kinajitambulisha kwa anwani gani. Anwani ya maunzi iliyochapwa kwenye boksi lake haikuwa ile iliyoonekana kwenye orodha ya ruta. Hilo si hitilafu. Android tangu toleo la 10 huipa kila waifai anwani ya kubuni badala ya ile ya kiwandani, na simu za Apple zinafanya vivyo hivyo tangu iOS 14. Kwa jaribio hili la kwanza nilikiambia kishikwambi kitumie anwani ya kiwandani kwenye mtandao wetu, kisha nikaandika hivi ndani ya `/etc/config/dhcp`:

```
config host
    option name 'kishikwambi'
    option mac '00:00:5E:00:53:1A'
    option ip '192.168.1.50'
```

Na ndani ya `/etc/config/firewall`:

```
config rule
    option name 'zuia-kishikwambi'
    option src 'lan'
    option dest 'wan'
    option src_ip '192.168.1.50'
    option proto 'all'
    option target 'REJECT'
```

Mstari wa `proto` usiachwe. Usipouandika, kanuni inashika TCP na UDP tu, na mtu akipima kwa `ping` ataona majibu yanarudi na kudhani kanuni nzima haifanyi kazi.

Baada ya kuwasha upya dnsmasq, programu inayogawa anwani kwenye ruta, na kanuni za kuzuia, kishikwambi kiliendelea kucheza video ya mtandaoni kana kwamba hakuna kilichobadilika. Hapa kuna sababu mbili, na kila moja ina dawa yake. Ya kwanza ni kwamba kifaa hakiachi anwani yake ya zamani kwa sababu tu ruta imeandikiwa nyingine. Kilikuwa na 192.168.1.143 kwa mkopo wa saa 12, na kwa utaratibu wa DHCP, yaani ule wa kifaa kuomba anwani kwa ruta, kifaa huomba kuongezewa muda nusu ya mkopo inapofika, hivyo kingeweza kukaa saa kadhaa nje ya kanuni yangu. Dawa yake ni kuzima waifai ya kifaa na kuiwasha tena ili kiombe upya. Sababu ya pili ni kwamba ruta hupitisha kwanza pakiti za mazungumzo yaliyokwisha kuanza, kabla ya kusoma kanuni yoyote niliyoandika. Hata kama anwani ingekuwa ileile, video iliyokwisha kufunguliwa ingeendelea hadi muunganisho wake ukatike. Ukiwa na programu ya conntrack kwenye ruta, `conntrack -D -s 192.168.1.50` inayafuta mazungumzo hayo papo hapo.

Baada ya hapo kishikwambi kilichukua .50 na intaneti ikakatika. Majina ya tovuti bado yalitafsirika, maana anayeyatafsiri ni ruta yenyewe na hiyo haiko upande wa `wan`, yaani wa intaneti, lakini kurasa zilikataa kufunguka mara moja. Huko kukataa mara moja ndiyo alama ya `REJECT`. Ningeandika `DROP`, ukurasa ungezunguka bila jibu hadi kifaa kichoke kusubiri, na mtu angedhani mtandao una kasi ndogo tu.

Jumamosi asubuhi: mkwepo wa kwanza

Mpwa wangu hakuhitaji hata mpakato wake. Alifungua mipangilio ya waifai kwenye kishikwambi, akabadilisha sehemu ya IP kutoka DHCP kwenda `Static`, akaandika 192.168.1.77 na lango 192.168.1.1, akahifadhi. Intaneti ikarudi.

"Mjomba, wewe umezuia namba tu," akaniambia. "Mimi nimechukua namba nyingine."

Hilo ndilo lililo ndani ya kutenga anwani. Kutenga ni ahadi ambayo ruta inampa anayeomba: ukija kuomba ukiwa na anwani hii ya maunzi, nitakupa .50. Asiyeomba hahusiki na ahadi hiyo. DHCP ni huduma ya kumrahisishia mteja kazi, na haikuundwa kumkagua. Anayejiandikia anwani mwenyewe anapita bila kuongea nayo kabisa.

Nililiangalia pia jambo ambalo wengi hulisahau, nalo ni IPv6, mfumo mpya wa anwani unaotumika sambamba na ule wa zamani, IPv4. Kanuni yangu inataja anwani ya IPv4, kwa hiyo inahusu IPv4 peke yake. Penye mtoa huduma anayetoa IPv6, kifaa hujitengenezea anwani zake za IPv6 bila kuuliza DHCP, na tovuti kubwa zenye IPv6 zinafunguka huku kanuni ikiwa imesimama palepale. Dalili yake inachanganya: baadhi ya tovuti zinafunguka, nyingine hazifunguki. Ukiona hivyo, angalia IPv6 kabla ya kuanza kulaumu kanuni.

Jumamosi mchana: kufungamanisha

Ruta nyingi zinapokupa ukurasa wa kufungamanisha IP na MAC, zinachoandika chini yake ni mstari wa kudumu kwenye jedwali la ARP. Jedwali hilo ndilo linaloiambia ruta kwamba pakiti ya anwani fulani ya IP ipelekwe kwa anwani gani ya maunzi. Kwenye OpenWrt, ukiwa na programu ya ip-full kwenye ruta, unaweza kuuandika kwa mkono:

```
ip neigh replace 192.168.1.20 lladdr 00:00:5E:00:53:20 dev br-lan nud permanent
```

Hapo .20 ni mpakato wa mke wangu. Niliuchagua kwa makusudi, kwa sababu watu wengi wanadhani kukifungamanisha kishikwambi na .50 kutakilazimisha kibaki kwenye .50. Sivyo. Mstari wa ARP unailinda anwani isichukuliwe na mwingine, haumfungi mwenye maunzi. Nilikifungamanisha kishikwambi na .50, mpwa wangu akarudia 192.168.1.77 yake, akapita vilevile. Ruta haikuwa na neno lolote lililoandikwa kuhusu .77.

Kilichostahili kuangaliwa kwa karibu ni jaribio lililofuata. Mpakato wa mke wangu ukiwa umezimwa, mpwa wangu alikipa kishikwambi 192.168.1.20. Mimi nikatazama kutoka kwenye ruta:

```
tcpdump -e -n -i br-lan host 192.168.1.20
```

Alama ya `-e` ndiyo inayoonyesha anwani za maunzi. Pakiti ya kwanza ya kuomba muunganisho ilitoka kwenye kishikwambi, maunzi yakiishia na 1A, ikapita ruta, ikafika kwenye tovuti. Jibu likarudi. Lakini ruta, ikifuata jedwali lake, ililituma kwa maunzi yanayoishia na 20, yaani kwa mpakato uliolala. Kishikwambi kikarudia ombi lake, kikarudia tena, na kila jibu likaenda kulekule. Tulipouwasha mpakato, mambo yalikuwa bayana zaidi: ulipokea majibu ya maombi ambayo haukuyatuma, nao ukajibu kwa pakiti ya RST, ikaukata muunganisho moja kwa moja.

Kwa hiyo kufungamanisha kunafanya kazi, ila kazi yake ni kulinda anwani zilizoandikwa. Ukitaka kufungamanisha kutumike kuzuia, lazima ugeuze mpango mzima: andika unaowaruhusu, na wengine wote wakatae.

Kabla ya kugeuza nilijaribu njia ya katikati, yaani kuzuia kwa anwani ya maunzi badala ya IP. Kwenye ile kanuni ya kwanza niliondoa `src_ip` na kuweka:

```
    option src_mac '00:00:5E:00:53:1A'
```

Ni mstari mmoja tu, lakini unaziba matundu mawili kwa pamoja. IP ya kujiandikia haisaidii tena, na IPv6 nayo inashikwa, kwa sababu anwani ya maunzi ni ileile chini ya zote mbili. Kama ruta yako ina uwezo wa kuzuia kwa MAC na unafikiria kuzuia kwa IP iliyotengwa, nenda kwenye MAC. Katika jaribio langu sikuona faida ya kuzuia kwa IP ambayo hii haina.

Jumamosi jioni: mkwepo wa pili

Mstari huo wa MAC uliishi hadi jioni. Mpwa wangu aliingia kwenye mipangilio ya mtandao wetu ndani ya kishikwambi, sehemu ya faragha, akairudisha kwenye `Use randomized MAC`. Hakuna programu aliyoweka, hakuna amri aliyoandika. Kishikwambi kilijiunga kama kifaa kigeni kabisa. Hivi ndivyo kilivyoonekana ndani ya `/tmp/dhcp.leases`:

```
1769342400 7a:4c:1f:08:d2:e6 192.168.1.143 kishikwambi-cha-watoto 01:7a:4c:1f:08:d2:e6
```

Mstari huu una alama mbili za kumtambua. Moja ni jina: kifaa kilibadilisha anwani ya maunzi lakini kikaendelea kutaja jina lake lilelile kikiomba IP. Jina hilo linabadilishika kwenye mipangilio, kwa hiyo linanasa tu asiyefikiria kulibadilisha. Alama ya pili ni tarakimu ya pili ya anwani, ile `a` iliyo kwenye `7a`. Anwani ya maunzi ina biti 48, na moja kati ya biti za jozi ya kwanza inasema kama anwani ilitolewa na mtengenezaji au imebuniwa hapohapo kwenye kifaa. Tarakimu ya pili ikiwa 2, 6, a au e, anwani imebuniwa. Ni njia nzuri ya kukagua orodha kwa macho, ila usiifanye kanuni ya kuzuia bila kufikiri, maana simu nyingi za kisasa zisizo na kosa lolote zina anwani za namna hiyohiyo.

Orodha ya waliokatazwa inashindwa hapa kwa sababu ya asili yake. Inamkataa anayejitambulisha kwa anwani fulani, na kifaa kinaruhusiwa kujitambulisha kwa nyingine kila kikitaka. Hata ukiiongeza hiyo ya pili kwenye orodha, unamfuata nyuma tu.

Jumapili asubuhi: kugeuza orodha

Niliwaomba watu wa nyumbani wazime anwani ya kubuni kwa mtandao wetu peke yake, ili kila simu na mpakato uwe na anwani moja isiyobadilika. Ni gharama ndogo ya faragha ndani ya nyumba yako mwenyewe, lakini ni gharama, na mgeni akija lazima aandikishwe kwanza. Kila kifaa nilikitengea IP, nikakiandikia kanuni inayotaka vitu vyote viwili vilingane:

```
config rule
    option name 'ruhusu-mpakato'
    option src 'lan'
    option dest 'wan'
    option src_ip '192.168.1.20'
    option src_mac '00:00:5E:00:53:20'
    option proto 'all'
    option target 'ACCEPT'
```

Chini ya zote nikaweka moja isiyo na IP wala MAC, yenye `REJECT`. Kanuni husomwa kuanzia juu kwenda chini na ya kwanza inayolingana ndiyo inayoamua, kwa hiyo hiyo ya mwisho ikipanda juu kwa bahati mbaya nyumba nzima inakosa intaneti. IPv6 nayo ilizimika kwa wote, maana ruhusa zangu zinataja IPv4. Nimekubali iwe hivyo. Vifaa vinapokataliwa mara moja kwenye IPv6 vinarudi kwenye IPv4 bila mtumiaji kuhisi.

Kwenye kishikwambi, mpango huu ulishika. IP ya kujiandikia haikulingana na jozi yoyote. MAC ya kubuni haikulingana. IP ya mpakato haikulingana, kwa kuwa maunzi yalikuwa tofauti. Na kishikwambi ambacho hakijavunjwa ulinzi wa mtengenezaji hakimruhusu mtumiaji kuchagua anwani ya maunzi anayoitaka: anachagua kati ya ya kiwandani na ya kubuni, basi. Nalitilia mkazo hili kwa sababu mara nyingi watu husema kuzuia kwa MAC hakuna maana kabisa. Inategemea kifaa kinachozuiwa.

Mpakato ni habari nyingine. Mpwa wangu alisubiri wa mke wangu uzimwe, akaandika kwenye wa kwake:

```
ip link set dev wlan0 down
ip link set dev wlan0 address 00:00:5E:00:53:20
ip link set dev wlan0 up
```

Kisha akaomba IP, na DHCP ikampa .20 kwa uaminifu, kama nilivyoiagiza. Jozi ikalingana na intaneti ikafunguka. Hata hakuhitaji kujua kwamba .20 ndiyo inayoruhusiwa, ule utengaji wangu mwenyewe ulimkabidhi.

Nilimuuliza anwani hiyo aliipata wapi. "Nilii-ping kompyuta ya shangazi ilipokuwa imewashwa, halafu nikasoma `ip neigh`." Mtandao wa ndani hauwezi kufanya kazi bila vifaa kuambiana anwani za maunzi. Na hata mtu asiye na nywila yetu anaweza kuzisoma hewani, kwa sababu waifai husimba maudhui ya pakiti lakini anwani za mtumaji na mpokeaji zinabaki wazi kwenye kichwa chake. Kitu kinachotangazwa kwa kila aliye karibu hakiwezi kuwa siri ya kumtambulisha mtu.

Aliyeiga na mwenyewe wakiwashwa kwa pamoja, ruta inawaona kama kifaa kimoja, na wanasukumana: mmoja akijiunga mwingine anadondoka. Waifai ya mtu mmoja ikianza kukatika-katika baada ya kuweka mpango wa namna hii, chunguza kama kuna aliyemwiga kabla ya kuchezea antena.

Jumapili jioni: nilichokiacha kwenye ruta

Nimeondoa jozi zote na ile `REJECT` ya mwisho, na IPv6 imerudi. Badala yake nimetengeneza waifai ya pili yenye jina lake, nywila yake na kundi lake la anwani, 192.168.2.0/24. Ukanda wake hauna njia ya kwenda `wan` hata kidogo. Nimeruhusu mambo mawili tu: vifaa vyake viulize DHCP na majina kwa ruta, na vifike kwenye kompyuta ya mafaili yenye 192.168.1.5. Nywila ya waifai kuu nimeibadilisha, na kishikwambi kimepewa ya pili peke yake.

Hapa kishikwambi kinaweza kubuni MAC mpya kila saa na kujiandikia IP yoyote. Ruta haiangalii tena kinajiita nani, inaangalia kimeingia kwa mlango upi, na mlango mkuu unafunguliwa na nywila ambayo hakina. Mpwa wangu, naye akiwa na nywila hiyo ya pili tu, alirudia mikwepo yake yote, ukiwemo ule wa kuiga MAC ya mpakato. Alipata anwani nyingine ya kundi la 192.168.2 na ukuta uleule.

Kutenga anwani sijakuacha. Kompyuta ya mafaili imetengewa .5 kwa sababu kanuni inaitaja, na imefungamanishwa ili kifaa kingine cha waifai kuu kisijitwalie .5 na kupokea maombi yanayopita kwenye ruta kutoka kwa kishikwambi. Mstari ule wa `ip neigh` hupotea ruta ikizimwa, kwa hiyo nimeuweka kwenye `/etc/rc.local`.

Yamebaki matundu matatu. Yeyote mwenye simu iliyounganishwa kwenye waifai kuu anaweza kuonyesha nywila yake kama msimbo wa QR, kwa hiyo nimewaeleza wakubwa wa nyumba wasiuonyeshe kwa watoto. Simu ikigawa intaneti yake, kishikwambi kinatoka bila kupita kwenye ruta yangu, na hilo ruta haiwezi kulizuia. Na kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani kiko nyuma ya ruta: ukikishikilia kwa sekunde kadhaa, kila nilichoandika humu kinafutika. Kesho ruta inahamia kwenye kabati lenye kufuli, ikiwa na nafasi ya kutosha ya hewa, na nakala ya mipangilio (`sysupgrade -b`) tayari iko kwenye kompyuta yangu.